Giadia au kripto: mtoto akiharisha wiki mbili uombe kipimo gani, na maji uyafanye nini

Mambo mawili humtuliza mzazi moyo mapema mno. La kwanza ni ndoo ya maji iliyotiwa klorini kama maelekezo yanavyotaka. La pili ni karatasi ya maabara inayosema choo cha mtoto hakina vimelea. Yote mawili yanaweza kuwa yamefanywa sawasawa, na bado mtoto akaendelea kuharisha kwa kimelea alichokinywa katika maji hayo hayo, kimelea ambacho kimo ndani ya choo hicho hicho.

Vimelea wanaoweza kuleta hali hiyo ni hasa wawili: giadia na kriptosporidiamu, ambaye maabara wengi humwita kripto. Kwenye fomu za maabara majina yao huandikwa Giardia na Cryptosporidium. Hutajwa pamoja mara nyingi, kwa sababu wote huingia kwa maji au mikono yenye uchafu wa kinyesi, wote huharisha bila damu, na wote hutoka mwilini wakiwa wamejifunga ndani ya ganda. Lakini ukiwachukulia kama kitu kimoja utakosea mara tatu: katika kutibu maji, katika kuchagua kipimo, na katika kuchagua dawa. Makosa mawili ya kwanza yanatokana zaidi na ganda hilo, ndiyo maana naanza nalo.

Ganda linafanya kazi gani

Giadia akiwa ndani ya utumbo ni kiumbe laini chenye umbo la tone la maji. Ana mikia ya kuogelea na kisahani cha kujinatisha kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Akibaki katika umbo hilo nje ya mwili, hufa upesi. Kwa hiyo akisukumwa kuelekea nje hujikunja na kujijengea ganda la nyuzi za sukari ngumu zilizosukwa na protini. Hapo anaitwa sisti. Ni ya mviringo mrefu, urefu wake mikromita 8 hadi 12 hivi, na ndani yake uhai umepunguzwa kasi sana. Sisti kumi tu zinatosha kumwambukiza mtu.

Kripto ni mdogo zaidi. Sisti yake, ambayo wataalamu huiita oosisti, ni duara ya mikromita 4 hadi 6, na ndani yake mna vimelea wachanga wanne. Ganda lake lina tabaka kadhaa: protini zilizofungamanishwa kwa vifungo vya salfa, pamoja na mafuta mazito ya aina ya nta. Tofauti nyingine kubwa ni kwamba sehemu ya oosisti huwa na ganda jembamba, na hizo hupasukia humo humo tumboni na kuambukiza upya bila kutoka nje. Ndiyo maana kripto kwa mtoto mwenye kinga dhaifu anaweza kujizungusha wiki hadi wiki hata kama hakunywa tena maji machafu.

Sasa weka klorini. Ikiingia majini hutoa asidi ya hipoklorasi, na hiyo ndiyo inayoua. Bakteria ana utando mwembamba tu, asidi inapenya na kuharibu vimeng'enya vyake ndani ya dakika. Sisti ni kama mbegu ndani ya kokwa: dawa inaishia kupigana na ganda, na kilichomo ndani kimelala, hakina shughuli nyingi za kuvurugwa. Kwa giadia dawa hupenya polepole. Kwa kripto, kwa kipimo kinachonyweka na kwa muda ambao mtu anaweza kusubiri, ni kama haipenyi kabisa.

Hesabu ya ndoo

Wataalamu wa maji hupima nguvu ya klorini kwa kuzidisha vitu viwili: miligramu za klorini huru kwa lita, na dakika ambazo maji yamekaa nayo. Maelekezo ya kawaida ya nyumbani kwa maji maangavu ni miligramu 2 kwa lita, kisha kusubiri dakika 30. Zidisha, unapata 60. Maji yenye tope huongezewa dawa mara mbili, unapata 120.

Linganisha na kinachohitajika kuua vimelea 999 kati ya kila 1,000, maji yakiwa ya nyuzi joto 25 na pH ya 7.5. Bakteria kama E. coli anahitaji chini ya 1. Giadia anahitaji kama 45. Kripto anahitaji 15,300.

Kwa hiyo ndoo yenye 60 imemmaliza bakteria na, kwenye karatasi, imemfikia giadia. Nasema kwenye karatasi kwa sababu hesabu hiyo inadhani klorini ilibaki miligramu 2 tangu mwanzo hadi dakika ya thelathini. Haibaki. Tope, majani yaliyooza na hata uchafu wa ndani ya ndoo huila. Isitoshe, maji yakipoa hadi nyuzi 10, giadia hataki tena 45 bali zaidi ya 100. Maji ya kisima cha milimani alfajiri na maji ya tangi lililopigwa na jua si kitu kimoja, hata kama umetia kifuniko kile kile cha dawa.

Kwa kripto, 60 ni chini ya asilimia moja ya kinachotakiwa. Ukitaka kufika 15,300 kwa miligramu 2, itabidi uishikilie klorini hapo kwa dakika 7,650, yaani zaidi ya siku tano. Kwa hesabu hiyo, ukianza na oosisti 100 kwenye ndoo, baada ya nusu saa zimebaki hai kama 97. Kuongeza dawa mara mbili au tatu hakubadilishi picha. Kutabadilisha ladha tu, na watoto watayakataa maji.

Jambo hili lilidhihirika kwa kishindo mwaka 1993 katika jiji la Milwaukee, Marekani. Mtambo wa maji ulikuwa unatia klorini kama kawaida na maji yalikuwa yanakidhi viwango vya wakati huo, lakini uchujaji uliyumba na ukungu wa maji ukapanda. Watu wanaokadiriwa kufikia 403,000 waliugua kripto. Aliyetazama klorini peke yake hakuona tatizo. Aliyetazama kipimo cha ukungu aliliona. Vivyo hivyo, maji yakipimwa E. coli na kukutwa hayana, hiyo ni habari njema kuhusu bakteria, na haisemi lolote kuhusu sisti.

Kuchagua njia ya maji

Kuchemsha kunashinda njia zote kwa vimelea hawa wawili, na hakuhitaji vipimo: maji yatokote kwa nguvu dakika moja, au dakika tatu kama mko juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota kwa joto la chini. Ganda halisaidii kitu mbele ya joto, kwa sababu protini za ndani huiva hata kama ganda limebaki zima. Udhaifu wa kuchemsha uko baadaye. Maji yakishapoa hayana ulinzi wowote, na kata moja iliyoshikwa na mkono mchafu huyarudisha yalikotoka.

Kuchuja kunategemea ukubwa wa tundu, na hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Oosisti ya kripto ni mikromita 4 hadi 6, na inaweza kujibana kidogo ikisukumwa. Chujio lifae linatakiwa liwe na tundu lisilozidi mikromita 1, na hiyo iwe kikomo halisi, si wastani. Lebo inayotaja mikromita 1 ya wastani maana yake ni kwamba baadhi ya matundu ni makubwa kuliko hapo, na hayo machache yanatosha. Kitambaa, hata kikunjwe mara nane, kinanasa mchanga na wadudu wakubwa, lakini sisti zinapita. Kwa chujio la udongo au la kauri, dalili ya ufa ni maji kuanza kutoka kwa kasi kuliko jana baada ya kuoshwa au kuangushwa. Na anayelisafisha anawe kwa sabuni mara amalizapo, maana uso wa chujio ndipo sisti zote za wiki nzima zilipokusanyika.

Mwanga wa urujuanimno ni wa ajabu kidogo: kripto anayeidharau klorini husalimu amri mbele yake kwa kipimo kidogo tu, kwa sababu mwanga haupigani na ganda. Unapita na kuvuruga vinasaba vya ndani, kimelea kinashindwa kuzaliana. Lakini maji lazima yawe maangavu. Chembe ya tope ni kivuli, na sisti iliyojificha nyuma yake haikupigwa.

Je, klorini itupwe? Hapana. Chujio la kawaida la nyumbani haliaminiki kwa virusi, na klorini inavimaliza vizuri, tena inaendelea kulinda maji yakiwa yamehifadhiwa. Chaguo langu kwa nyumba yenye watoto wadogo ni kuchuja kwanza, kisha kutia klorini, kwa mpangilio huo huo, kwa sababu maji yaliyochujwa hayaili dawa. Na kwa maji ya kunywa ya mtoto wa chini ya miaka miwili, au mtu yeyote mwenye kinga iliyoshuka, ningechemsha bila kujali kingine kilichofanyika. Mikono nayo isisahaulike: jeli ya spiriti haiui kripto. Ni sabuni na maji yanayotiririka yanayomwondoa.

Nyumba moja, watoto wawili

Ili tofauti ionekane, tuchukue mfano. Nyumba inatumia maji ya mto yanayotiwa klorini. Mdogo ana miezi 17. Ameharisha siku 16, choo cha majimaji mara tano hadi saba kwa siku, hakina damu, na siku za mwanzo alitapika na kuwa na homa ndogo. Uzito umeshuka kutoka kilo 9.1 hadi 8.4. Dada yake ana miaka minne. Yeye hajaanguka, lakini kwa wiki tatu tumbo limejaa gesi, anabeua harufu ya yai viza, na choo chake ni laini, cheupe kidogo, chenye mafuta na kunuka kupita kiasi. Siku nyingine kinakuwa cha kawaida kabisa.

Mtu mzoefu atamfikiria kripto kwa mdogo na giadia kwa dada. Umri ni kidokezo: kripto huwaangukia zaidi walio chini ya miaka miwili. Utafiti mkubwa wa GEMS, uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya na Msumbiji zikiwemo, na matokeo yake kutolewa mwaka 2013, ulimkuta kripto miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kwa kiwango cha kati hadi kikali kwa watoto wadogo. Choo chenye mafuta nacho ni kidokezo, maana giadia akiutandaza ukuta wa utumbo mwembamba, mafuta hayafyonzwi vizuri. Lakini vidokezo si jibu. Nimeona kripto wa choo cha mafuta na giadia wa maji matupu. Ni lazima choo kipimwe, na hapa ndipo uchaguzi wenyewe unapoanza.

Mdogo alishapimwa mara moja. Choo kililetwa saa tatu baada ya kutoka, kikatazamwa kwa hadubini kikiwa kwenye tone la maji ya chumvi na tone la ayodini, majibu yakaja: hakuna vimelea. Akapewa metronidazoli siku tano, hakuna kilichobadilika.

Majibu hayo hayakuwa ya uongo. Kilichokosekana ni swali. Katika kipimo hicho cha kawaida, sisti ya giadia inaonekana: ayodini huipaka njano, na mtazamaji anaona nukta za viini vinne na nyuzi zilizolala katikati. Oosisti ya kripto haipakwi na ayodini. Inabaki duara dogo linalong'aa, na mtu anayetazama slaidi ishirini kwa asubuhi ataipita akidhani ni hamira. Maabara nyingi hazimtafuti kripto mpaka atajwe kwa jina kwenye fomu. Hilo peke yake linaeleza kesi nyingi za "hakuna vimelea". Na metronidazoli, ambayo ni dawa nzuri kwa giadia, haimgusi kripto.

Vipimo, kimoja baada ya kingine

Kinachomfichua kripto ni ganda lile lile linalomkinga. Mafuta yake mazito hushika rangi nyekundu ya fuksini na kukataa kuiachia hata ikioshwa kwa spiriti yenye asidi, kama afanyavyo bakteria wa kifua kikuu. Kipimo hicho huitwa Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa. Vifaa vyake vimo katika karibu kila maabara inayopima makohozi, ndiyo maana nakiona kuwa chaguo la kwanza palipo na uwezo mdogo. Choo hupakwa kwa wembamba kwenye slaidi, kikauke, kigandishwe kwa methanoli, kipakwe fuksini bila kuchemshwa, kioshwe kwa asidi hafifu, kisha kipakwe rangi ya bluu au kijani. Kripto hutokea mduara mwekundu juu ya uwanja wa bluu, mara nyingi na chembe nyeusi zaidi ndani.

Makosa yake yanajulikana. Asidi ikiwa kali au ikikaa mno, hata kripto huachia rangi, na kuna oosisti ambazo kiasili huwa zimepauka na kuonekana kama vivuli. Hamira nayo ina ukubwa unaokaribiana, lakini hubeba rangi ya bluu, si nyekundu. Mwenye kuchanganya zaidi ni saiklospora, ambaye naye ni mwekundu na duara. Huyo ana mikromita 8 hadi 10, mara mbili ya kripto. Macho hayawezi kuamua tofauti hiyo kwa kukisia, inahitajika rula ndogo iliyomo ndani ya lenzi ya jicho, na slaidi isiyopimwa kwa rula isiandikiwe jibu la uhakika. Hivyo ukimwomba mtaalamu wa maabara, mwambie wazi: "Naomba umtafute kripto kwa Ziehl-Neelsen, na unipe ukubwa wake."

Udhaifu mwingine ni idadi. Kipimo hiki kinahitaji maelfu mengi ya oosisti kwa kila gramu ili kimwone, na kwenye choo kilichoshikana kinahitaji nyingi zaidi kuliko kwenye choo cha majimaji. Kwa mdogo wetu anayeharisha maji, kina nafasi nzuri. Kwa mtoto aliyekwisha kupata nafuu, majibu hasi yana uzito mdogo.

Kwa giadia tatizo ni jingine. Hatoki kila siku. Leo choo kimejaa sisti, kesho na keshokutwa hakuna hata moja. Sampuli moja kwa hadubini hukosa sehemu kubwa ya wenye giadia, ilhali tatu zilizochukuliwa siku tofauti, tuseme siku moja ndiyo moja siyo, huwapata wengi wao. Dada mtu katika mfano wetu alikuwa safi siku ya kwanza na ya tatu. Sisti zilionekana kwenye sampuli ya tatu, ya siku ya tano. Kama angeishia kwenye ya kwanza, angekwenda nyumbani na dawa ya gesi. Choo kikiwa cha maji kabisa kitazamwe ndani ya nusu saa hadi saa moja, maana hapo hutafuti sisti bali giadia hai anayetapatapa kama jani linaloanguka, na huyo hufa upesi. Kama kutachelewa, kiwekwe kwenye dawa ya kuhifadhi. Na sampuli ichukuliwe kabla ya dawa yoyote ya vimelea, au wiki kadhaa baadaye.

Vipimo vya antijeni, ikiwemo vile vya haraka vyenye mistari, vinapunguza shida hii ya kutotoka kila siku, kwa kuwa vinatafuta protini za kimelea na havingoji sisti nzima. Kwa giadia ninaviamini, na sampuli moja au mbili kwa kawaida zinatosha. Kwa kripto niko makini zaidi: vipimo vya haraka vimewahi kutoa mistari ya uongo, hivyo chanya ya kripto kwa mtoto ambaye dalili zake hazifanani inastahili kuthibitishwa kwa slaidi. Palipo na hadubini ya mwanga maalumu, kingamwili zenye kung'aa huzipaka sisti za wote wawili kwa mara moja, zikawaka kijani kwenye giza. Hicho ndicho kipimo ambacho vingine hupimwa dhidi yake. Ni kizuri, ila kiko sehemu chache.

PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea, ndiyo kali kuliko zote, na hapa tena ganda linaingia. Ili vinasaba vipatikane, oosisti lazima ipasuliwe, na zile kemikali za kawaida zinazopasua bakteria hazitoshi. Maabara makini hugandisha na kuyeyusha sampuli mara kadhaa, au huitikisa pamoja na vishanga vigumu vya kusaga. Ikirukwa hatua hiyo, mashine ya gharama kubwa inatoa hasi kwa choo chenye kripto tele. Sampuli iliyohifadhiwa kwenye fomalini nayo huharibu PCR, kwa hiyo uliza chombo kabla ya kukusanya.

Ukali wake una upande wa pili. Mahali penye maji machafu, watoto wengi hubeba giadia bila kuharisha. GEMS yenyewe haikumkuta giadia mara nyingi zaidi kwa watoto wenye kuhara kuliko kwa wenzao wasioharisha. Kwa hiyo PCR chanya ya giadia kwa mtoto aliyeanza kuharisha juzi na ana homa kali haimaanishi giadia ndiye mwenye kosa. Tafuta kwingine. Chanya hiyo hiyo kwa mtoto wa wiki tatu za gesi, choo cha mafuta na uzito usiopanda, ni jibu. Giadia anayekaa muda mrefu utumboni mwa mtoto mdogo amehusishwa na ukuaji hafifu hata bila kuhara kwingi, jambo linalomfanya asipuuzwe kwa mtoto ambaye mstari wake wa kimo umelala.

Ukitaka yote kwa mtazamo mmoja:

| | Giadia | Kripto |
|---|---|---|
| Klorini ya nyumbani | humfikia nusu nusu, zaidi maji yakiwa ya joto na maangavu | haimwui |
| Kinachotosha | kuchemsha, chujio, urujuanimno | kuchemsha, chujio la mikromita 1 halisi, urujuanimno |
| Kipimo cha kuanzia | hadubini kwa sampuli tatu, au antijeni | Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, aombwe kwa jina |
| Mtego mkubwa | sampuli moja hasi | fomu isiyomtaja, hamira, saiklospora |
| Metronidazoli | inafaa | haifai |

Watoto wetu waliishia wapi

Slaidi ya mdogo ilionyesha miduara myekundu ya mikromita 5. Kwa mtoto aliyeharisha zaidi ya siku 14 na kupungua uzito, hatua mbili zinafuata kabla ya kufikiria dawa ya kripto. Kwanza ni maji mwilini, chakula na zinki: ORS, maziwa ya mama yasikatizwe, zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Pili ni kupima VVU kama hali haijulikani, na kupima kiwango cha utapiamlo, kwa sababu kripto asiyeisha mara nyingi anaonyesha kinga iliyoshuka.

Dawa iliyopo ni nitazoksanidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa watoto kuanzia mwaka mmoja. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 3 ni miligramu 100 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, kwa siku tatu, na daktari ndiye wa kuiandika. Si dawa ya kutegemea kupita kiasi. Inasaidia watoto wenye kinga nzima, lakini kwa mwenye VVU asiyetumia dawa za kupunguza makali haijaonyesha faida. Kwa huyo, kurudisha kinga ndiyo tiba.

Dada alipewa tinidazoli mara moja, kipimo kikipigwa kwa uzito wake. Nitazoksanidi nayo ingemfaa, kwani inamgusa giadia pia. Kama maabara haikuweza kutofautisha vimelea hawa wawili na mtoto ana zaidi ya mwaka, hiyo ndiyo sababu ya kuifikiria kabla ya kurudia metronidazoli kwa mara ya pili.

Baada ya tiba, mtoto aliyepona hahitaji kupimwa tena. PCR hasa inaweza kubaki chanya kwa mabaki ya vinasaba vya vimelea waliokufa, ikamletea dawa asiyoihitaji. Akiharisha tena baada ya giadia, angalia kwanza maziwa ya ng'ombe. Utumbo uliochubuliwa hupoteza kwa muda kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, na mtoto anajaa gesi na kuhara kila anywapo, ingawa kimelea hayupo. Yaondoe maziwa hayo wiki mbili hivi, maziwa ya mama yakiendelea. Akitulia, hilo lilikuwa jibu. Asipotulia, chukua sampuli nyingine tatu na uulize nyumbani nani mwingine ana tumbo, kwani mara nyingi anaambukizwa upya na mtu wa karibu asiye na dalili. Na aliyekuwa na kripto asiingie kwenye bwawa la kuogelea mpaka zipite wiki mbili tangu kuhara kuishe: anaendelea kutoa oosisti, na klorini ya bwawa, kwa viwango vya kawaida, inahitaji siku kadhaa kummaliza kimelea ambaye mwogeleaji wa karibu anaweza kummeza ndani ya dakika hiyo hiyo.